Siki, umeme, na bei ya chai na yai

Chukua bika mbili. Katika ya kwanza kuna asidi ya haidrokloriki, katika ya pili asidi ya asetiki, ile inayoipa siki ukali wake. Zote mbili zina moli 0.1 kwa kila lita. Tumbukiza kipima upitishaji umeme ndani ya ya kwanza, kwenye nyuzijoto 25, na kioo chake kitaonyesha kama mikrosimensi 39,100 kwa sentimita. Kisuuze, kipanguse, kisha kitumbukize katika ya pili. Kioo kitaonyesha 520.

Tofauti hiyo peke yake haimshangazi mtu aliyeambiwa darasani kwamba asidi moja ni kali na nyingine ni dhaifu. Jambo la kustaajabisha huja ukizimua. Ukiongeza maji hadi kila asidi ibaki na sehemu moja ya kumi ya ukolezi wake wa mwanzo, ile kali huteremka hadi 4,120, karibu sawasawa na ulivyotarajia: umeipunguza mara kumi, nayo imepungua mara tisa na nusu. Ile ya siki haiteremki hadi 52. Inakomea 162. Umeondoa tisa ya kumi ya asidi, lakini karibu theluthi ya uwezo wake wa kupitisha umeme imebaki.

Ndani ya hiyo 162 mna namba inayotafutwa na kila anayeshughulika na asidi dhaifu, nayo ni konstanti ya mtengano. Kwa asidi ya asetiki ni karibu 1.75 × 10⁻⁵. Kuitoa humo ni kazi ya hesabu za darasa la saba na nusu, ila kuna kizuizi kimoja katikati ambacho kiliwahitaji watu wenye subira ya ajabu.

Tuanze na kinachobeba umeme. Molekuli nzima ya asidi ya asetiki haina chaji, kwa hiyo hata zikijazana majini kiasi gani hazibebi kitu. Zinazobeba ni zile chache zilizokatika vipande viwili, ioni ya haidrojeni yenye chaji chanya na ioni ya asetati yenye chaji hasi. Kukatika huko hakuishi. Kila sekunde baadhi hukatika na baadhi hukutana tena na kuungana, na idadi ya vipande hutulia pale pande mbili zinapolingana. Ukiongeza maji, vipande hutawanyika na kukutana huwa kugumu, lakini kukatika huendelea kama kawaida. Matokeo yake sehemu kubwa zaidi ya asidi hubaki imekatika. Ndiyo maana siki iliyozimuliwa haikushuka mara kumi. Molekuli zilizopungua ni nyingi, ila zilizobaki zimekatika kwa uwiano mkubwa zaidi.

Wazo kwamba vipande hivyo vipo majini hata kabla hatujawasha umeme lilikuwa la Msweden kijana, Svante Arrhenius. Aliliandika katika tasnifu yake ya mwaka 1884 kule Uppsala, na wakubwa wake wakampa alama ya chini. Mwaka huohuo Wilhelm Ostwald, mzaliwa wa Riga, alifunga safari kwenda kumwona, kwa kuwa yeye alikuwa ameshaona thamani ya wazo lile. Mwaka 1888 Ostwald akachapisha kanuni inayobeba jina lake mpaka leo. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobeli ya kemia, Arrhenius mwaka 1903 na Ostwald mwaka 1909.

Kanuni yenyewe ni fupi. Ikiwa c ni ukolezi wa asidi, na α ni sehemu iliyokatika, basi

K = c α² / (1 − α)

Juu kuna vipande viwili, kila kimoja kikiwa cα, vikizidishana. Chini kuna asidi ambayo bado ni nzima. Hicho tu. Ukiijua c na α umeshaipata K, na c unaijua kwa kuwa wewe ndiye uliyepima na kuchanganya. Inabaki α.

Hapa ndipo umeme unapoingia. Kwanza tunakiondoa kioo cha kipima kwenye mkanganyiko wa ukolezi, kwa kuuliza upitishaji uliopimwa ni sawa na kiasi gani kwa moli moja ya asidi. Kwa siki yetu ya moli 0.01 kwa lita, yaani moli 0.00001 kwa kila sentimita ya ujazo, tunagawanya simensi 0.000162 kwa 0.00001 na kupata 16.2. Huu ndio upitishaji kwa moli, unaoandikwa Λ na kusomwa lambda. Kama tungejua moli hiyohiyo ingepitisha kiasi gani endapo kila molekuli ingekatika, tungegawanya namba ya kwanza kwa ya pili na α ingekuwa mkononi. Namba hiyo ya pili inaitwa upitishaji kwa moli wa kikomo, Λ₀: kikomo kwa sababu ndipo asidi ingefika kama tungeizimua bila mwisho.

Kizuizi nilichokitaja ni hicho. Kwa chumvi na asidi kali, Λ₀ hupatikana bila taabu kubwa. Unapima kwenye ukolezi mdogo kadhaa, unachora Λ dhidi ya kipeuo cha pili cha ukolezi, nukta zinajipanga karibu kwenye mstari ulionyooka, nawe unauendeleza mstari hadi pale ukolezi unapokuwa sifuri. Kwa asidi ya asetiki mchezo huo haukubali. Mstari wake huenda chinichini kwa muda mrefu kisha unajikunja na kupaa karibu wima unapokaribia sifuri. Vipimo makini kabisa vya mwaka 1932, vya Duncan MacInnes na Theodore Shedlovsky wa Taasisi ya Rockefeller, New York, vilifika hadi moli 0.000028 kwa lita. Huko chini kabisa, ambako asidi ni chembe tu ndani ya maji, Λ ilikuwa 210. Kikomo ni 391. Ni kama kukisia urefu wa mnazi kwa kuuona hadi katikati ya shina.

Aliyeonyesha njia ya kuzunguka alikuwa Mjerumani Friedrich Kohlrausch, katika miaka ya 1870. Aligundua kwamba myeyusho ukishakuwa mwembamba sana, kila ioni huchangia umeme kwa kiasi chake bila kujali imeandamana na nani. Ioni ya sodiamu huchangia kiasi kilekile iwe ilitoka kwenye chumvi ya mezani au kwenye asetati ya sodiamu.

Nikitaka kumweleza mtu jambo hili humpeleka kwenye mgahawa usio na bei ya kitu kimojakimoja ukutani, ila za vitu viwiliviwili. Chai na chapati ni shilingi 800. Soda na yai ni 1,100. Soda na chapati ni 1,200. Wewe unataka chai na yai, ambavyo havimo kwenye orodha. Jumlisha mbili za kwanza, 1,900, toa ya tatu, unabaki na 700. Soda imejifuta, chapati imejifuta, na hukuhitaji kujua bei ya chai peke yake.

Sasa badilisha majina. Asidi ya haidrokloriki ina haidrojeni na kloridi, na kikomo chake ni 426.2. Asetati ya sodiamu ina sodiamu na asetati, 91.0. Chumvi ya mezani ina sodiamu na kloridi, 126.5. Zote tatu hukatika kabisa majini, kwa hiyo vikomo vyao vimepimwa kwa ile njia ya mstari. Jumlisha mbili za kwanza, toa ya tatu:

426.2 + 91.0 − 126.5 = 390.7

Hiki ndicho kikomo cha asidi ya asetiki, kilichopatikana bila asidi ya asetiki yenyewe kuguswa. Kizio chake ni simensi sentimita mraba kwa moli, lakini katika hesabu yetu kinajifuta.

Ukitazama ndani ya hiyo 390.7 utakuta asetati imechangia 40.9 tu, na haidrojeni 349.8. Sodiamu ingechangia 50.1. Haidrojeni ina nini? Haiogelei kama wenzake. Umeshaona mafundi wakipandisha zege ghorofani: wamejipanga ngazini, karai linapita mkono kwa mkono, na hakuna anayepanda nalo kutoka chini hadi juu. Chaji ya haidrojeni husafiri vivyo hivyo. Molekuli ya maji hupokea protoni upande mmoja na kuachia nyingine upande wa pili. Bahati hiyo ndiyo inayowezesha kazi yetu, kwa maana hata vipande vichache vya asidi hupiga kelele kubwa kwenye kipima.

Sasa tumalizie. α ni 16.2 gawanya kwa 390.7, ambayo ni 0.0415. Maana yake kati ya kila molekuli 100 za siki hiyo, nne na ushei zimekatika na 96 hivi zimetulia nzima. Weka kwenye kanuni:

K = 0.01 × 0.0415² / (1 − 0.0415) = 1.80 × 10⁻⁵

Rudia kwa ile ya moli 0.1 iliyosoma 520. Λ ni 5.20, α ni 0.0133, na K inatoka tena karibu 1.80 × 10⁻⁵. Ukolezi umetofautiana mara kumi, sehemu iliyokatika imetofautiana mara tatu, na K haikutikisika. Jaribu mchezo uleule kwa asidi ya haidrokloriki na utaona K yake ikiruka kutoka karibu 1 hadi 0.28 kwa kuzimua mara kumi tu. Kwayo hiyo si konstanti. Yenyewe imekwisha katika yote, na upungufu mdogo wa upitishaji unaouona unatokana na ioni kubughudhiana, wala si molekuli nzima. Ostwald alipima zaidi ya asidi 200 za kikaboni kwa njia hii, na hapo ndipo ilipoonekana kwa namba kwamba ukibadilisha haidrojeni moja ya asidi ya asetiki kwa klorini, konstanti inapanda karibu mara 80.

Lakini msomaji mwenye jicho atauliza: nilisema 1.75, sasa mbona ni 1.80? Swali zuri. Tumia vipimo vya mwaka 1932 na uteremke navyo. Kwenye moli 0.001 hivi kwa lita, hesabu inatoa 1.78. Kwenye 0.0001 hivi, 1.77. Kwenye ile chembe ya 0.000028, 1.76. Namba inateleza polepole na kwa upande mmoja, na kosa la mkono haliendi upande mmoja kwa utaratibu namna hiyo. Sababu ni kwamba ioni zikiwa karibukaribu huvutana, kila moja ikizungukwa na kundi hafifu la chaji pinzani. Hilo huzipunguzia mwendo kidogo, na pia huzifanya zisiwe wepesi wa kuungana tena. Kanuni ya Ostwald haijui habari hizo. MacInnes na Shedlovsky walizirekebisha zote mbili na wakafika 1.753 × 10⁻⁵, namba ambayo vitabu vingi bado vinaitumia. Kwa maabara ya chuo 1.80 ni jibu jema kabisa. Mwanafunzi anayeniletea 1.753 bila marekebisho yoyote ndiye ninayemtilia shaka.

Makosa yanayoharibu kazi hii kweli ni mengine, na la kwanza ni maji. Nilipokuwa nikisimamia mazoezi ya maabara katika chuo kimoja, kikundi kimoja kilikuja na 3.0 × 10⁻⁵. Hesabu ilikuwa safi. Wote walikuwa wamepima asidi ya moli 0.0001, wakidhani, kwa haki, kwamba nyembamba zaidi ni bora zaidi. Nikawaambia wapime maji waliyotumia kuzimulia, yakiwa peke yake. Kioo kikaandika mikrosimensi 3. Asidi safi ya ukolezi ule inatakiwa isome 13.3; wao walisoma 16.3 na wakaihesabia asidi yote. Kwa kuwa α inapigwa mara yenyewe ndani ya kanuni, na kile kilichobaki chini ya mstari nacho kinapungua, nyongeza ya asilimia 23 kwenye kioo iligeuka kuwa asilimia 70 kwenye jibu.

Mtu atasema, basi toa hizo 3 na mambo yaishe. Inategemea 3 hizo zimetoka wapi. Kama ni chumvi zilizopenya kutoka kwenye mtambo wa kukenekea maji au chupa isiyosuuzwa, toa zote, maana chumvi hubaki ilivyo asidi ikiingia. Kama ni hewa ukaa iliyoyeyuka kutoka hewani, kutoa zote ni kosa la upande wa pili. Hewa ukaa majini hutengeneza asidi dhaifu zaidi kuliko ya siki, na siki ikiingia na ioni zake za haidrojeni, ile dhaifu zaidi hurudishwa kwenye umbo lisilobeba umeme. Mchango wake unakuwa umeshazimwa tayari. Maji yaliyokenekwa vizuri kisha yakaachwa wazi hewani husoma karibu mikrosimensi 1, na karibu yote ni hewa ukaa. Maji safi kabisa yasiyoguswa na hewa husoma 0.055. Kohlrausch mwenyewe, pamoja na Adolf Heydweiller, waliyakeneka maji mara 42 ndani ya ombwe ili kulikaribia hilo, kazi waliyoitangaza mwaka 1894. Sisi wengine tunachemsha maji, tunafunika, tunapoza, na tunaepuka kupima chini ya moli 0.001.

La pili ni joto, na hapa kwetu pwani ndilo linalovuna wengi. Vikomo vilivyomo vitabuni ni vya nyuzijoto 25. Maabara ya Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Februari iko kwenye 30 au zaidi. Ajabu ni kwamba konstanti yenyewe ya asidi ya asetiki karibu haibadiliki kati ya 25 na 30. Kinachobadilika ni mwendo wa ioni, unaoongezeka kwa karibu asilimia 7. Ukigawanya kipimo cha nyuzijoto 30 kwa kikomo cha 25, asilimia 7 hiyo inapigwa mara yenyewe na jibu linazidi kwa karibu 15. Wengi hutegemea kitufe cha kipima kinachojirekebishia joto. Kitufe hicho mara nyingi kimewekwa kwa ajili ya chumvi, ambazo huongezeka kama asilimia 2 kwa kila nyuzi, na haidrojeni kwa sababu ya mwendo wake wa karai huongezeka pungufu ya hapo. Kizime. Weka bika ndani ya beseni la maji ya nyuzijoto 25, subiri dakika kumi, pima.

Kipima nacho kinapaswa kuambiwa ukubwa wa nafasi iliyo kati ya elektrodi zake, na hilo hufanywa kwa myeyusho wa kloridi ya potasiamu wa moli 0.01, ambao kwenye nyuzijoto 25 lazima usome 1,413. Ndani yake umeme unaotumika ni mkondo geu, kwa maana mkondo wa upande mmoja ungezibandika ioni kwenye elektrodi na kuharibu kipimo. Kohlrausch, asiye na kioo cha namba, alisikiliza mkondo wake kwa simu sikioni na kurekebisha ukinzani hadi mlio ulipofifia.

Na tafadhali usitumie siki ya dukani. Inafaa kuona ule mteremko wa ajabu wa upitishaji, lakini ukolezi wake ni wa kukadiria, na ndani yake kuna vitu vingine vinavyobeba umeme. Anza na asidi safi, mililita 5.7 hivi kwa lita moja upate karibu moli 0.1, kisha uhakikishe ukolezi kwa hidroksidi ya sodiamu na kiashiria cha rangi. Kosa la asilimia 1 kwenye ukolezi linaleta asilimia 1 kwenye jibu, wakati kosa kama hilo kwenye kioo linaleta 2. Kwa hiyo ukiwa na saa moja ya ziada, itumie kwenye kipima, siyo kwenye pipeti.

Njia hii ina sakafu yake pia. Fenoli, kwa mfano, ina konstanti ya karibu 1 × 10⁻¹⁰. Ukichukua moli 0.1 kwa lita, ukolezi uleule uliotupa 520 kwa siki, na maji yasiyo na doa, fenoli itasoma mikrosimensi 1.2 hivi. Bika ya maji matupu iliyoachwa wazi pembeni yake mezani itasoma karibu hivyohivyo.